Tumebadili jina la kampuni, sasa kila mtu anatuuliza sisi ni nani

Mshauri, habari za kazi.

Sisi ni kampuni ndogo ya vifungashio, wakurugenzi wawili na wafanyakazi 18. Wanahisa walikaa wakapitisha jina jipya, na kesho yake mwenzangu akaanza kutoa ankara zenye jina hilo. Cheti cha msajili kilitoka siku 12 baadaye. Leo ni wiki ya tatu tangu tukipate, na karibu kila kitu kimesimama. Mteja wetu mkubwa alitulipa, fedha zikarudi kwake kwa kuwa jina la kwenye ankara si lile la kwenye akaunti. Benki wanataka cheti cha mlipakodi chenye jina jipya. Ofisi ya leseni wametuambia tuombe upya. Muuzaji wetu wa karatasi amezuia mzigo wa mkopo. Anasema sisi ni kampuni nyingine, na mhasibu wake ametamka wazi kwamba barua yetu inanuka utapeli. Na kuna shehena iko baharini kwa jina la zamani. Mwenzangu anataka tufungue akaunti mpya, tusaini mikataba yote upya, tuanze ukurasa mweupe. Tumsikilize? Tuanzie wapi?

Mkurugenzi aliyekwama

*

Ndugu Mkurugenzi,

Mwenzako mzuie leo hii, kabla hajaenda benki. Akaunti mpya na mikataba mipya ndivyo vitu viwili vitakavyofanya kile anachokisema muuzaji wa karatasi kiwe kweli.

Tazama cheti mlichopewa na msajili. Kuna jina la zamani, kuna jina jipya, kuna tarehe, na kuna namba ya usajili. Namba hiyo ni ileile mliyopewa siku kampuni ilipozaliwa. Mtu akibadili jina haachi kudaiwa aliyokopa jana, na kampuni ni hivyohivyo: madeni yake, wadeni wake, mikataba yake, wafanyakazi wake na hata kesi zake mahakamani vinaendelea bila kukatika. Mkifungua akaunti mpya mnaondoa ushahidi mmoja ambao mteja anaweza kuuona kwa macho yake, yaani namba ya akaunti ambayo amekuwa akiilipa miaka yote. Mkisaini mkataba mpya na muuzaji wa karatasi, mnampa nafasi ya kupanga bei upya na kupunguza siku za mkopo, na kama mkataba wa zamani ulikuwa na mdhamini, udhamini huo unaweza kufa pamoja nao. Kinachohitajika ni barua ya taarifa yenye nakala ya cheti, basi. Isipokuwa mkataba wa mkopo wa benki na ule wa pango: hiyo miwili isome yote, kwa sababu mara nyingi ina kifungu kinachotaka mkopeshaji au mwenye nyumba aarifiwe kwa maandishi ndani ya siku kadhaa, au hata atoe kibali kabla.

Sasa tuanze na kosa ambalo sidhani kama mmeliona. Jina la kampuni halibadiliki siku wanahisa wanapopiga kura. Katika nchi nyingi ambazo sheria yao ya makampuni ilitokana na ya Uingereza, kura hiyo ni azimio maalumu, inataka robo tatu, na hata ikipita kwa asilimia mia haijabadili kitu nje ya chumba cha mkutano. Jina linabadilika siku iliyoandikwa kwenye cheti cha msajili. Maana yake ni kwamba kwa siku 12 mlikuwa mnatoa ankara kwa jina ambalo halikuwa la mtu yeyote. Mteja anayetaka kudai kodi ya ongezeko la thamani kwa ankara hiyo atakuta namba ya mlipakodi inasema jina moja na karatasi inasema jingine, na mkaguzi wake atamkatalia.

Kwa hiyo zitoe ankara zote za siku hizo 12, moja baada ya nyingine. Zile ambazo hazijalipwa zifuteni kwa hati ya marekebisho ya ankara, kisha mtoe nyingine. Zilizokwisha kulipwa nazo zifanyiwe hivyohivyo, ila mpigie mteja simu kwanza umweleze. Watu huogopa wanapoona ankara waliyolipa imefutwa. Na msichane karatasi mkaanza upya kimyakimya. Namba za ankara lazima zifuatane, na pengo kwenye mfuatano ni swali mtakaloulizwa siku ya ukaguzi.

Niliwahi kufanya kosa la jinsi hiyohiyo nilipokuwa katibu wa kampuni moja ya usafirishaji. Tulichapisha vitabu vya stakabadhi kwa jina tulilokuwa na hakika nalo. Msajili akalikataa kwa kuwa lilifanana mno na la wengine. Vitabu vile tuliandikia hesabu za chai ofisini karibu mwaka mzima.

Mzunguko uliokwama ndani yake, benki wanataka karatasi ya kodi, leseni wanataka nyingine, hukatwa mahali pamoja tu: ofisi ya kodi. Huko ndiko pa kuanzia, kwa sababu mbili. Kwanza, wao hawahitaji karatasi ya ofisi nyingine zaidi ya ile ya msajili. Pili, benki na ofisi za leseni hukagua jina lako kwa kulilinganisha na namba ya mlipakodi, na jina likitofautiana hata kwa nukta ombi lako linarudishwa. Omba marekebisho ya jina kwa namba ileile. Usikubali kupewa namba mpya, hata kama karani anaona ndiyo rahisi kwake. Namba mpya ni mlipakodi mpya, na marejesho yako yote ya zamani yatabaki yakielea kwa mtu ambaye hayupo. Hapo hapo uliza mashine au mfumo wa kutolea stakabadhi za kodi utabadilishwa jina lini, kwa kuwa huo mara nyingi ni ombi la pembeni na watu hulisahau. Mfumo ukichapisha jina la zamani huku ankara ikisema jipya, tatizo la mteja wako linazaliwa upya.

Kabla ya kwenda popote, tengenezeni nakala za cheti zilizothibitishwa, kumi hivi. Kila ofisi itataka yake, na ukiwapelekea ile halisi siku moja itapotea ndani ya faili la mtu aliye likizo.

Ukishapata karatasi ya kodi, nenda benki nayo asubuhi hiyohiyo, pamoja na cheti cha kubadili jina, taarifa mpya ya kampuni kutoka kwa msajili inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa, na azimio la bodi. Hili azimio ndilo watu huliandika vibaya. Wanaandika kwamba kampuni imebadili jina, jambo ambalo cheti kimekwisha lisema. Benki inataka bodi iielekeze: akaunti namba fulani na fulani (zitajwe zote, na ile ya akiba mliyoisahau) ziendelee kama zilivyo kwa jina jipya, watia saini ni walewale na kwa mipaka ileile, na maelekezo ya zamani ya malipo yabaki halali. Sentensi hiyo ya mwisho ikikosekana, malipo ya kila mwezi ya pango na bima yanaweza kusimama.

Kisha omba mambo mawili ambayo benki haitakupa usipoyaomba. La kwanza ni kwamba kwa muda fulani, tuseme miezi 6, fedha na hundi zinazokuja kwa jina la zamani zipokelewe kwenye akaunti hiyo. Ukikubaliwa, upewe kwa maandishi na tarehe ya mwisho iandikwe. La pili ni barua ya benki, yenye mhuri, inayosema kwamba akaunti namba hii, iliyokuwa kwa jina lile, sasa iko kwa jina hili. Barua hiyo itakufaa kuliko zote utakazoandika wewe mwenyewe.

Fedha za mteja wako zilirudi kwa nini? Kwa sababu mifumo ya benki siku hizi inasoma jina pamoja na namba. Uingereza benki kubwa zilianza kulinganisha jina la mpokeaji na akaunti mwaka 2020, na benki za nchi zinazotumia yuro zilianza Oktoba 2025. Kwingine kuna karani anayelinganisha kwa macho. Mteja akiandika jina jipya wakati benki bado ina la zamani, malipo yanaweza kugoma. Benki ikishabadili na mteja bado ana la zamani, yanaweza kugoma vilevile kwa upande wa pili. Ndiyo maana nakusihi uchague siku. Iwe baada ya mishahara kutoka, isiwe mwisho wa mwezi, na wateja wako watano wakubwa wawe wameambiwa tarehe hiyo wiki moja kabla. Mpaka siku hiyo ifike, mwambie mteja aliyerudishiwa fedha alipe kwa jina la zamani, kwa maana ndilo lililoko benki leo, na ankara mliyompa upya iwe na mstari mmoja chini: jina jipya, na kando yake "zamani ikijulikana kama" na jina la zamani. Mstari huo uacheni kwenye ankara, barua na chini ya barua pepe kwa mwaka mzima.

Kama mna dhamana ya benki mliyompa mteja au mliyoambatanisha kwenye zabuni, msiguse. Mwombeni benki aliyeitoa atoe marekebisho ya jina kwa dhamana ileile, yenye namba na tarehe zilezile. Dhamana mpya ina siku yake ya kuanza, na kama zabuni ilitaka dhamana iwe hai tangu siku ya kufungua, mtakuwa mmejiondoa wenyewe.

Leseni nayo. Waliposema "ombeni upya", yawezekana karani alimaanisha kujaza fomu tu. Yawezekana pia alimaanisha mwanzo kabisa, pamoja na ukaguzi wa jengo, zimamoto, afya na kadhalika. Rudi ukaulize swali hili kwa maneno haya: je, haya ni marekebisho ya leseni iliyopo au ni leseni mpya? Ikiwa ni marekebisho, tarehe ya kuisha haibadiliki na hakuna siku mtakayokuwa bila leseni. Ikiwa wanasisitiza ni mpya, omba iandikwe kwamba ya zamani inaendelea kutumika mpaka mpya itoke. Wakitaka muirudishe ile ya zamani kwanza, itoeni kwa stakabadhi ya kupokelewa na mbaki na nakala, na mpaka hapo itundikeni ukutani pamoja na cheti cha kubadili jina kando yake. Mkaguzi akiingia mchana anaona karatasi mbili zinazozungumza pamoja. Akiona bango jipya mlangoni na leseni ya jina jingine ukutani, hana sababu ya kuwaamini.

Anzeni na leseni kuu ya biashara, ndipo mwende kwenye vibali vya sekta, maana wale wa vibali huuliza leseni kuu.

Nimefika kwa muuzaji wa karatasi, na hapa nitamtetea kidogo mhasibu wake. Barua inayosema "tumebadili jina, tafadhali rekebisheni taarifa zetu" ndiyo hasa barua ambayo matapeli huandika, na kwa kawaida aya ya pili huwa na namba mpya ya akaunti. Mimi pia ningezuia mzigo. Sijui barua yenu ilisemaje, lakini ninaweza kubahatisha: ilitoka kwenye anwani mpya ya barua pepe, ilikuwa na nembo mpya, na haikutaja namba ya usajili.

Andikeni nyingine. Itoke kwenye barua pepe ya zamani, ile anayoijua, na isainiwe na mtu ambaye sahihi yake anayo kwenye mkataba. Iseme jina la zamani na jipya, tarehe ya cheti, kisha iseme waziwazi yale ambayo hayajabadilika: namba ya usajili, namba ya mlipakodi, namba ya akaunti ya benki, wakurugenzi, anwani, simu. Mwambieni asiwaamini nyinyi. Atafute namba ya usajili mwenyewe kwenye daftari la msajili, kisha awapigie kwa namba ya simu aliyokuwa nayo tangu zamani. Barua ya benki iambatanishwe ikipatikana. Na mwongeze sentensi hii kwa wateja na wauzaji wote: hatubadilishi akaunti ya benki, na barua yoyote itakayosema tumebadilisha si yetu. Daftari la msajili ni la wazi. Mtu mwingine anaweza kuona kwamba mmebadili jina na kuwaandikia wateja wenu kabla yenu. Kama siku moja mtataka kweli kuhama benki, subirini mwaka. Msiweke mabadiliko hayo mawili kwenye msimu mmoja.

Mkishamridhisha, atawatumia fomu ya mteja mpya mjaze. Ikataeni kwa adabu. Mwombeni abadili jina kwenye rekodi ileile ya mteja. Ngoja nikuonyeshe kwa nini. Tuseme mnadaiwa 400 kwenye rekodi ya zamani, na kikomo chenu cha mkopo ni 500. Anawafungulia rekodi mpya. Mnalipa 250, na karani anaiingiza kwenye rekodi mpya kwa sababu ndilo jina lililoko kwenye malipo. Sasa mfumo wake unaonyesha mteja wa zamani anayedaiwa 400 na siku zimepita, na mteja mpya mwenye 250 za ziada ambaye hana kikomo chochote cha mkopo. Deni lenu halisi ni 150 tu. Lakini kompyuta inazuia mzigo kwa wote wawili, mmoja kwa kuchelewa na mwingine kwa kutokuwa na historia. Kama yeye amelikatia bima deni lenu, bima hiyo ina jina la zamani, na hapo ndipo mhasibu wake anapopata sababu ya pili ya kuogopa. Dalili kwamba limetokea ni rahisi kuiona: mwisho wa mwezi zinakuja taarifa mbili za hesabu badala ya moja, au namba yenu ya mteja imebadilika kwenye ankara yake. Mkiona hivyo, msilipe chochote kabla hajaziunganisha.

Kwa upande wenu pia fanyeni hivyohivyo. Kwenye programu yenu ya hesabu badilisheni jina la kampuni, msifungue kampuni nyingine ndani yake.

Bima yenu wenyewe isisubiri. Moto hauangalii wiki ya tatu wala ya nne, na mkikumbuka kumwarifu wakala siku ya kudai fidia, atakuwa na maswali mengi. Ombeni waraka wa nyongeza wenye jina jipya kwa kila hati ya bima, ukiwemo wa wafanyakazi. Magari, hati za ardhi na alama ya biashara vinaweza kungoja mwezi mmoja au miwili, mradi hakuna mnachotaka kuuza au kuweka rehani. Jina la tovuti na barua pepe za zamani endeleeni kulipia kwa miaka mingi. Likiisha muda, yeyote anaweza kulichukua, na kuanzia hapo ankara na nywila za mifumo yenu zitaanza kuingia kwenye sanduku lake.

Limebaki la baharini. Shehena hiyo msiiguse kabisa. Hati ya shehena, ankara ya muuzaji wa nje, kibali cha kuingiza bidhaa na bima ya safari vyote vina jina moja, la zamani, na forodha hulinganisha karatasi hizo kwa karatasi. Mkimwomba wakala wa meli abadili jina kwenye hati moja tu, mtakuwa mmetengeneza tofauti ambayo haikuwepo, na mzigo utalala bandarini ukihesabiwa siku. Mpeni wakala wenu wa forodha nakala ya cheti iliyothibitishwa aishike mkononi, na mwulize leo kama mfumo wa forodha huchota jina moja kwa moja kutoka kwenye namba ya mlipakodi. Ukiwa hivyo, kuna hatari kwamba ofisi ya kodi ikishabadili jina lenu, tamko la forodha litatoka na jina jipya wakati hati ya shehena ina la zamani. Cheti hicho ndicho kitakachoziunganisha hizo mbili, kiambatanishwe tangu tamko la kwanza, si baada ya kuulizwa. Agizo linalofuata, ambalo bado hamjalituma, ndilo litakaloandikwa jina jipya kuanzia karatasi ya kwanza.